Salamu Inayojibiwa na Ukumbi Mzima

Mwaka 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alianza kuwasalimu Watanzania kwa jina la Jamhuri ya Muungano, nao wakawa wanaitikia, "Kazi iendelee!" Mtangulizi wake, Dkt. John Magufuli, alikuwa na njia nyingine. Yeye alizifuatanisha salamu za dini, "Tumsifu Yesu Kristo", "Bwana Yesu asifiwe", "Asalaam aleykum", ndipo akaingia kwenye hotuba. Marais hao wawili walikuwa wakishughulika na jambo lile lile linalomkabili mshereheshaji wa mahafali au harusi kila Jumamosi: afungue vipi kinywa mbele ya watu wa imani na rika tofauti bila kumwacha yeyote nje?

Njia zote mbili zinafaa. Isiyofaa ni ile ya kutoa salamu ya dini moja tu kisha kuendelea, kwa sababu salamu za Kiswahili hudai jibu. Mkatoliki akisikia "Tumsifu Yesu Kristo" hujibu "Milele na milele, amina". Mlutheri au Mpentekoste huitikia "Bwana Yesu asifiwe" kwa "Amina". Mwislamu hujibu "Waaleykum salaam". Mshereheshaji akiita moja pekee, nusu ya ukumbi hubaki haina la kusema, na ukimya huo husikika. Akiamua kuzitaja za dini, basi azitaje zote, na baada ya kila moja anyamaze kidogo ili wenyewe wajibu. Wengi huziporomosha kwa mkupuo, majibu yakagongana, na heshima iliyokusudiwa ikapotea.

Rika nalo lina matata yake. "Shikamooni" ikirushwa kwa ukumbi wote na mtu wa miaka arobaini na mitano huwafikia pia wanafunzi wa kidato cha nne, ambao hawawezi kumjibu "marahaba". Ndiyo maana vicheko husikika viti vya nyuma. Ni heri agawe: "Wazee wetu, shikamooni," asubiri marahaba yao, kisha "Vijana, hamjambo?" Sekunde chache tu, na kila mtu ameshasalimiwa kwa nafasi yake.

Kwenye majina ya heshima ndiko makosa huumiza zaidi. Tuchukue mahafali ya sekondari ambayo meza kuu ina mkuu wa wilaya, mwanamke wa miaka thelathini na minane, aliye mgeni rasmi, mwalimu mstaafu wa miaka sabini, sheikh wa wilaya, na paroko. Mshereheshaji anayejua kazi huwafuata kabla ya shughuli kuanza, kalamu mkononi, amwulize kila mmoja au msaidizi wake: jina litamkwe vipi, na litanguliwe na nini?

Jibu la sheikh lina uzito. Kumwita "ustadhi" kiongozi wa wilaya ni kumshusha, kwa kuwa watu wengi humwita hivyo mwalimu wa madrasa au kijana mcha Mungu. "Alhaji" haitolewi kwa kukisia pia. Ni ya aliyekwisha kuhiji, na mwanamke huitwa Hajjat. Kwa upande wa kanisa, padri huyu ni "Baba Paroko". Angekuwa askofu Mkatoliki angetanguliwa na "Mhashamu", na kardinali "Mwadhama". Kinachotakiwa hapa ni ulinganifu: paroko akitajwa kwa cheo na parokia yake, sheikh naye atajwe kwa cheo na wilaya yake, si "na sheikh wetu pia yupo".

Mkuu wa wilaya ni "Mheshimiwa", basi. Umri wake haupunguzi kitu, wala jinsia yake. Kosa la kawaida, na kwa kweli linaudhi, ni kuwaita wanaume wote wa meza kuu "Mheshimiwa" halafu yeye akaitwa "Mama" fulani. Wananchi humwita Rais Samia "Mama" kwa mapenzi, lakini kwenye utambulisho rasmi hutajwa kama Mheshimiwa Rais. Mstaafu naye aitwe "Mwalimu". Nchi iliyomwita Julius Nyerere kwa jina hilo hadi kufa kwake haina haja ya kumtafutia mzee huyo kubwa zaidi.

Katika utambulisho, mgeni rasmi kwa kawaida hutajwa mwisho. Katika hotuba hutangulia. "Itifaki imezingatiwa" isemwe baada ya wakuu kutajwa, isiwe kichaka cha kuficha majina ambayo mshereheshaji hakuyauliza.

Na cheo kikikosewa, kirekebishwe palepale kwa sentensi moja: "Samahani, ni Sheikh wa Wilaya." Kisha atajwe upya kwa jina kamili, apigiwe makofi yake, ndipo afuate mwingine.