Mvumo wa Chumba

Chumba kitupu kina sauti yake. Feni inavuma, friji inanguruma, barabara inasikika kwa mbali. Masikio yetu huyazoea haya, lakini maikrofoni huyanasa yote.

Chukua mahojiano ya redio yaliyorekodiwa sebuleni. Mzee anasimulia, anakohoa, kisha anaendelea. Mhariri anafuta kikohozi, sekunde moja na nusu, na kuacha pengo ili mzee asionekane kukimbiza maneno. Ndani ya pengo hilo hamna kitu kabisa, hata feni. Msikilizaji aliyevaa spika za masikioni hushtuka, akidhani redio imezimika.

Dawa yake huandaliwa siku ya kurekodi. Kabla watu hawajainuka, kila mtu anyamaze kwa sekunde 30 hadi 60, maikrofoni na kiwango cha sauti vikiwa vilevile, feni ikizunguka vilevile. Kwenye uhariri, kipande cha mvumo huo huwekwa penye pengo, kikizidi kidogo kila upande, ili sauti moja ififie huku nyingine ikipanda. Bila hivyo, mlio mdogo wa "tik" unaweza kusikika kwenye maungio.

Usirudierudie kipande kifupi. Sikio hugundua mzunguko upesi, hasa kama ndege amelia ndani yake. Na friji ikizimika katikati ya mazungumzo, rekodi mvumo mwingine, maana ule wa kwanza hautalingana tena na maneno yanayofuata.