Kisiki cha mtiki kina miaka mingapi?

Picha ya kisiki iliyopigwa kwa simu inaweza kukupa umri wa mti, ukikosea kwa miaka michache tu, mradi mti wenyewe uwe wa aina inayoweka pete kila mwaka. Mwembe utakuhangaisha bure. Mtiki unasomeka.

Mvua zinapoanza, mtiki huchipua majani na kujenga mbao zenye vitundu vikubwa vinavyoonekana kwa macho. Msimu ukisonga, vitundu hupungua na mbao hukazana. Kiangazi majani hupukutika na mti huacha kunenepa. Mvua zikirudi, mstari mpya wa vitundu huanza ghafla, na mstari huo ndio wa kuhesabu.

Kabla ya kupiga picha, sugua kwa msasa ukanda mmoja kutoka kwenye kiini hadi kwenye gome, ulowanishe maji, kisha ulaze rula kando yake. Simu iwe juu ya kisiki, bila kuinamishwa. Picha ya ubavuni hufinya upande mmoja na kuharibu vipimo. Usihesabu mikwaruzo ya msumeno pia: yenyewe hukatiza uso wote, ilhali pete hufuata umbo la shina.

Tuchukue mfano. Rula ya sentimita 30 inachukua nukta 1,500 kwenye picha, yaani nukta 50 kwa sentimita. Katikati ya kisiki pameoza, hivyo mahali pa kiini panakisiwa kwa kufuata mviringo wa pete ya ndani iliyosalia. Kutoka hapo hadi ndani ya gome ni nukta 1,100, sawa na sentimita 22. Sentimita 14 za nje zina pete 21. Sentimita 8 za ndani ni shimo.

Wengi hapa hugawa 14 kwa 21, wakapata milimita 6.7 kwa mwaka na kulipa shimo miaka 12. Wanauzeesha mti. Mtiki mchanga hunenepa haraka kuliko mkubwa, kwa hiyo tazama pete zilizo jirani na shimo: tano za mwisho zinachukua sentimita 5, sentimita moja kila mwaka. Basi shimo ni la miaka 8 hivi, labda pungufu, na mti ulikuwa na miaka 29, si 33. Kwa kisiki kifupi huna haja ya kuongeza kitu, maana mche hupita kimo hicho mapema.

Tatizo kubwa lipo kwenye sehemu zenye vuli na masika, kama Muheza penye shamba la mitiki la Longuza. Ukame ukiingia kati ya misimu hiyo, mti unaweza kuweka pete ya uongo. Hiyo mara nyingi hufifia taratibu pande zote mbili na haizunguki shina zima. Kinyume chake, miti iliyosongamana bila kupunguzwa huweka pete za nje nyembamba mno, na picha huziunganisha.

Ndiyo maana huhesabiwa pande mbili za kisiki. Hesabu zikitofautiana, chagua pete moja pana, uifuate kwa kidole kutoka ukanda huu hadi ule, kisha uhesabu upya kutoka hapo kwenda nje na kwenda ndani; utaona ni upande gani pete imepotea au imezidi.