Supavaiza wa Laini: Apandishwe wa Ndani au Aletwe wa Nje?

Nafasi ya supavaiza wa laini inapobaki wazi katika kiwanda cha nguo, jina linalotajwa kwanza huwa la mshonaji mwenye kasi kuliko wenzake. Hoja ni nyepesi: ndiye anayeijua kazi, hakosi zamu, na wenzake wanamheshimu. Iwapo hapatikani wa namna hiyo, tangazo hubandikwa getini na mtu wa nje huitwa. Njia zote mbili zina gharama ambazo hazionekani siku barua ya uteuzi inaposainiwa.

Laini ni safu ya mashine zinazoshona vazi kwa hatua. Katika shati, mmoja hushona mfuko, mwingine huunganisha mabega, wa tatu huweka kola, wa nne mikono, mpaka vifungo na ukaguzi. Supavaiza hashoni. Kazi yake ni kuona hatua ipi imekwama, kuhamisha watu, kumfundisha anayekosea, kugombania uzi na fundi wa mashine, na kujibu mbele ya meneja tageti isipofikiwa. Kwa hiyo mshonaji anayepandishwa haendelezi kazi aliyoizoea. Anaanza kazi nyingine kabisa.

Hasara ya kwanza ya kumpandisha huonekana hata kabla hajakosea lolote. Chukua laini yenye tageti ya mashati 50 kwa saa, na kiti cha kola ndicho kigumu kuliko vyote. Mshonaji wake hodari hutoa kola 55 kwa saa. Akipandishwa, anayekaa badala yake hutoa 38. Wengine wote wanaweza kuwa na kasi ileile ya jana, lakini shati halimaliziki bila kola, hivyo laini nzima hushuka hadi mashati 38 kwa saa. Katika zamu ya saa nane, mashati 400 yanakuwa 304. Wiki ya pili meneja huanza kunong'ona kwamba supavaiza mpya ameshindwa, ilhali kosa ni la aliyemwondoa kwenye kola bila kuandaa mrithi. Kiwanda makini humfundisha mtu wa pili wiki kadhaa kabla ya uteuzi, au huweka mashine mbili kwenye hatua hiyo kwa muda.

Hasara ya pili ni nzito zaidi, na imepimwa. Mwaka 1969 Laurence Peter na Raymond Hull waliandika kwa mzaha kwamba katika kila ofisi mtu hupandishwa mpaka afike cheo asichokiweza. Nusu karne baadaye, mwaka 2019, wanauchumi Alan Benson, Danielle Li na Kelly Shue walichapisha utafiti kuhusu wauzaji katika kampuni zaidi ya mia moja za Marekani. Waligundua kwamba wauzaji bora ndio waliopewa uongozi mara nyingi zaidi, na kwamba kadiri mauzo ya mtu yalivyokuwa makubwa kabla ya kupandishwa, ndivyo mauzo ya watu aliowasimamia yalivyozidi kushuka. Waliofanya vizuri zaidi katika uongozi walikuwa wale waliozoea kuuza kwa kushirikiana na wenzao. Utafiti huo ulihusu wauzaji, si washonaji, lakini kinachotokea kwenye laini hufanana nao: supavaiza aliyekuwa hodari humwona mwenzake akisuasua, akakosa subira, akaketi kwenye mashine yake na kumalizia mwenyewe. Atakuwa ameokoa mashati kumi na kuacha laini nzima bila macho. Dalili ya kosa hili ni rahisi kuiona: kila meneja anapopita, supavaiza yuko kwenye mashine.

Ndiyo maana ndani ya kiwanda swali la nani ana kasi halitoshi. La kuuliza ni nani huitwa na wenzake uzi unapokatika ovyo au mshono unapojikunja, na nani huinuka kufuata chanzo pale mashati yanaporudishwa kutoka ukaguzi. Mara nyingi mtu huyo ni wa tatu au wa nne kwa kasi, na pengine hajawahi kufikiriwa. Katika viwanda vya nguo vya Bangladesh washonaji walio wengi ni wanawake, lakini masupavaiza karibu wote walikuwa wanaume. Watafiti wakiongozwa na Rocco Macchiavello na Christopher Woodruff walifuatilia wanawake waliotolewa kwenye mashine na kufunzwa usimamizi. Mwanzoni walipewa alama za chini na waliowasimamia. Baada ya miezi kadhaa, laini zao hazikuwa nyuma ya zile za wanaume.

Mtu wa nje naye huja na mvuto wake, yaani cheti, miaka ya uzoefu na jina la kiwanda kikubwa alikotoka. Matthew Bidwell wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania alilinganisha makundi hayo mawili katika benki ya uwekezaji ya Marekani, na matokeo yake yalitoka mwaka 2011. Walioajiriwa kutoka nje walilipwa takriban asilimia 18 zaidi ya waliopandishwa kwenye kazi kama hizo, lakini kwa miaka miwili ya mwanzo walipewa alama za chini za utendaji, na walikuwa wepesi zaidi kuacha kazi au kuachishwa. Waliodumu walikuja kupanda vyeo haraka. Ugeni wenyewe ndio unaogharimu. Supavaiza mgeni hajui mashine ipi huruka mishono ikipata joto, wala fundi yupi huitikia akiitwa. Watu wa laini, hasa aliyetarajia cheo hicho, wanaweza kumwacha ayagundue hayo peke yake.

Hata hivyo, zipo hali ambapo wa nje hana mbadala. Kiwanda kilichoshona fulana tu kikipata oda ya suruali za jinzi, ujuzi huo haumo ndani na hauwezi kusubiriwa. Hali nyingine ni laini iliyooza: kadi za mahudhurio zinagongwa kwa niaba ya wasiokuwepo, au vitambaa vinatoweka kila mwezi. Aliyekula na wenzake miaka mitano, hata akiwa mwaminifu, atawajibika kuwachongea marafiki wiki yake ya kwanza. Ni haki kutomtwika mzigo huo.

Panapokuwa na shaka, njia ya busara ni kukaimu. Utumishi wa umma wa Kenya umeiwekea njia hii mipaka: sheria ya Tume ya Utumishi wa Umma ya 2017 inasema ukaimu usipungue siku 30 wala kuzidi miezi sita. Kiwanda binafsi kinaweza kuazima kipimo hicho. Barua itaje posho, tarehe ya mwisho, vitakavyopimwa, na kwamba asipothibitishwa atarudi kwenye mashine kwa daraja na mshahara wake wa awali. Bila sentensi hiyo ya mwisho, anayeshindwa huona aibu na kuondoka, na kiwanda hupoteza supavaiza na mshonaji kwa pamoja. Mtu wa nje hawezi kujaribiwa hivyo, kwa kuwa amekwisha kuacha kazi alikotoka. Kwake kuna kipindi cha majaribio tu, ambacho Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inakiwekea kikomo cha miezi sita, na kinaweza kuongezwa kwa muda usiozidi huo kwa ridhaa yake.

Aliyekosa nafasi aambiwe ana kwa ana kabla tangazo halijabandikwa, pamoja na sababu. Kama sababu ni kwamba mikono yake inahitajika kwenye kola, basi apandishiwe mshahara akiwa hapohapo. Wagombea wawili wakikaribiana, achukuliwe wa ndani: gharama yake ni ndogo, kasoro zake zinajulikana, na akishindwa ana pa kurudi.