Jinsi Redio ya Jamii Inavyokagua Taarifa Zilizoandikwa na Mashine

Redio za jamii hutegemea wakazi wanaojitolea kutuma habari kutoka vijijini. Siku hizi baadhi ya maandishi hayo hayatungwi na wanaoyatuma. Mchangiaji huandika ombi fupi kwenye simu, na programu ya akili bandia humpa taarifa nzima ya kusomwa hewani. Lugha huwa nyoofu na sentensi zimekamilika. Tatizo ni kwamba programu hiyo haikuwa kijijini, na panapokosekana ukweli hujaza pengo kwa maneno yanayoelekea kuwa kweli.

Chukua mfano wa taarifa kama hii ikifika kwa mhariri wa zamu:

"Wakulima wamehimizwa kujitokeza kwa wingi Alhamisi kuanzia saa 8:00 asubuhi katika vituo vilivyoteuliwa ili ng'ombe, mbuzi na kondoo wao wachanjwe dhidi ya sotoka ya mbuzi na kondoo. Mkuu wa Wilaya alisema, 'Afya ya mifugo ni msingi wa maendeleo yetu.'"

Mhariri husoma kwa sauti, kisha hupiga mstari chini ya mambo manne.

La kwanza ni saa. Hakuna saa nane ya asubuhi katika Kiswahili. Hiyo ni saa ya Kiingereza iliyobebwa ilivyo, na huenda iliyokusudiwa ni saa mbili asubuhi. Mfugaji akisikia "saa nane" atafika alasiri. Chanjo hubebwa kwenye kasha la barafu, na ikishachanganywa haina budi kutumika kwa muda mfupi. Atakapofika, huenda maafisa wameshaondoka.

La pili ni cheo. Kenya ya leo haina Mkuu wa Wilaya. Afisa wa Serikali ya Kitaifa katika kaunti ndogo ni Naibu Kamishna wa Kaunti. Cheo cha Mkuu wa Wilaya kingali kinatumika Tanzania, na maandishi mengi ya Kiswahili ambayo programu hizi hujifunzia yanatoka huko. Ndiyo sababu maneno kama "kata" na "diwani" huingia mahali pa "wadi" na "mwakilishi wa wadi".

La tatu ni mifugo. Chanjo hiyo ni ya mbuzi na kondoo. Sotoka ya ng'ombe ni ugonjwa mwingine, uliotangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011. Mwenye kuleta ng'ombe atawarudisha bila chanjo.

La nne ni kile ambacho hakimo. "Vituo vilivyoteuliwa" ni wapi? Aliyehudhuria mkutano angetaja josho, soko au uwanja wa shule.

Dalili hizi hazitoshi kumhukumu mchangiaji. Binadamu pia hukosea saa na vyeo, na mwalimu mstaafu anaweza kuandika Kiswahili sanifu kuliko mashine. Hata programu zinazodai kutambua maandishi ya mashine hazitegemeki, hasa kwa Kiswahili, kwa kuwa nyingi zimetengenezwa kwa kuzingatia Kiingereza. Kwa hiyo mhariri haulizi, "Umetumia mashine?" Humpigia mchangiaji na kuuliza maswali matatu: Nani alikuambia? Lini na wapi? Sauti yake unayo?

Swali la tatu ndilo huamua kuhusu nukuu. Maneno ya mtu yasiyo na sauti iliyorekodiwa wala shahidi aliyekuwepo huondolewa. Kisha mhariri humpigia afisa wa mifugo kwa nambari iliyo kwenye daftari la kituo. Hatumii nambari iliyoandikwa ndani ya taarifa, kwa sababu nayo yaweza kuwa ya kubuniwa.

Afisa akithibitisha, taarifa huandikwa upya: mbuzi na kondoo pekee, saa mbili asubuhi, na jina la kila josho. Asipopatikana, taarifa husubiri. Kusubiri kuna gharama yake, kwani tangazo la kesho likichelewa halina faida. Ndiyo maana wachangiaji huombwa kutuma mapema, pamoja na jina na simu ya aliyewapa habari, na kusema wazi ikiwa walitumia programu kunyoosha lugha. Kunyoosha lugha si kosa, mradi ukweli umetoka kwa watu.

Taarifa ikishasomwa hewani, anayewajibika ni kituo, si mashine. Chini ya Sheria ya Baraza la Vyombo vya Habari ya mwaka 2013, vyombo vya habari hutakiwa kuwa sahihi na kurekebisha makosa.

Wakazi wanaosikia tangazo lenye saa, mahali au cheo kisichoeleweka wanashauriwa kupigia kituo mara moja ili lirekebishwe. Kituo kisiporekebisha, mkazi anaweza kuwasilisha lalamiko kwa Tume ya Malalamiko iliyoundwa na sheria hiyo. Kabla ya kuswaga mifugo kwenda josho, thibitisha kwa afisa wa mifugo wa wadi yako.