Kiunzi cha Jibu la Sheria

Mwanafunzi wa sheria ya mikataba Tanzania husoma kifungu cha 11 cha Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kisha kesi ya Mohori Bibee ya 1903 kutoka India, iliyoamua kwamba mkataba wa mtoto ni batili tangu mwanzo. Kwenye kiunzi, vyote viwili vinakaa sehemu moja: kanuni. Kifungu kinatangulia, kesi inakifafanua kwa sentensi moja.

Hoja huandikwa kama swali lenye nafasi wazi: “Je, makubaliano ya ___ na ___ ni batili kwa sababu ya umri?”

Sehemu ya matumizi ndiyo inayowaangusha wengi, kwa kuwa hukariri maelezo ya kesi badala ya kugusa ukweli wa swali. Hapo yafaa kuweka maswali tu. Kijana wa miaka 17 amekopeshwa pikipiki: alikuwa na miaka mingapi siku ya makubaliano? Pikipiki ni hitaji lake la lazima? Ikiwa ndiyo, muuzaji anaweza kulipwa kutokana na mali ya kijana, ingawa mkataba ni batili.

Hitimisho hubaki tupu hadi maswali hayo yajibiwe.