‘Binamu, anza na mstari ulio chini ya kichwa’: Jinsi ya kufinya makala ndefu hadi ukurasa mmoja

MHADHIRI ametuma faili tatu za PDF Jumatatu jioni, na Alhamisi anataka mje darasani mkiwa tayari kujadili. Unafungua ya kwanza, unasoma kurasa mbili, macho yanaanza kuteleza. Kufikia ukurasa wa tano umeshapaka nusu ya maandishi rangi ya njano, lakini mtu akikuuliza makala inasema nini, unabaki kumung’unya maneno.

Ujumbe ulio hapa chini uliandikwa na Mkenya anayesomea shahada ya uzamili mjini Leeds, Uingereza, kwa binamu yake aliye mwaka wa pili katika chuo kimoja jijini Nairobi. Binamu alilalama kwamba amesoma makala moja mara tatu na haijaingia. Makala yenyewe ni ile ya Garrett Hardin kuhusu mkasa wa mali ya pamoja, iliyochapishwa katika jarida la Science mwaka wa 1968. Kama unasoma uchumi, mazingira au maendeleo, huenda wewe pia umeshatumiwa au utatumiwa. Fuatilia ukiwa na makala yako karibu.

Soma kingo kwanza

Sikiza binamu. Hiyo makala ina kurasa sita tu, 1243 hadi 1248. Shida ni kwamba umeingia ndani bila kujua unatafuta nini, kwa hivyo kila sentensi inaonekana muhimu.

Jipe dakika 15 na usisome katikati kabisa. Soma kichwa, mstari ulio chini ya kichwa, aya mbili za kwanza, vichwa vidogo vyote, halafu aya mbili za mwisho. Kisha funga na uandike sentensi moja: mwandishi anadai nini, na kwa sababu gani? Hilo neno “kwa sababu” lazima liwemo. Sentensi ikiwa haina “kwa sababu”, umeandika mada. Dai bado hujalipata.

Sasa tazama vile hii inakuokoa. Uliniambia makala inahusu ng’ombe na malisho. Wengi husema hivyo, kwa kuwa mfano wa malisho ndio unaokumbukwa. Lakini mstari ulio chini ya kichwa unataja tatizo la ongezeko la watu, na kwamba halina suluhisho la kiufundi. Aya za mwisho pia zinarudi kwa uhuru wa kuzaa. Malisho ni mfano tu, uko ukurasa wa 1244. Mtu akijaza muhtasari wake ng’ombe, mtihani ukimwuliza Hardin alitaka nini kifanywe, hatakuwa na la kujibu.

Andika pambizoni kazi ya kila aya

Raundi ya pili ndiyo ya kusoma yote. Weka kando kalamu ya rangi na uchukue penseli. Rangi inakuambia tu kwamba ulipita hapo, haikuambii kwa nini ulisimama.

Kando ya kila aya andika maneno yasiyozidi saba, ukianza na kitenzi kinachosema aya inafanya nini: anadai, anatoa mfano, anajibu pingamizi, anapendekeza. Kwa hiyo pembeni mwa malisho utaandika “anatoa mfano: kila mfugaji aongeza ng’ombe”. Mbele kidogo, “apanua mfano: uchafuzi wa hewa na maji”. Halafu, “akataa njia ya kuomba dhamiri”. Ukurasa wa 1247, “apendekeza shuruti ambayo watu wamekubaliana”.

Ukikwama kwenye aya, usiirudie mara nne. Weka alama ya kuuliza uendelee. Mara nyingi aya inayofuata ndiyo inayoifungua. Na kama ukimaliza bado ni giza, peleka hilo swali darasani. Angalau sasa unajua ni aya gani inakusumbua.

Ukimaliza, soma pambizo peke yake kutoka juu hadi chini. Utaona aya nyingi zinafanya kazi moja. Zikusanye katika mafungu manne au matano, na kila fungu lipe sentensi moja. Hapa ndipo makala inapofinyika. Kukata maneno hakutakufikisha ukurasa mmoja. Kinachokufikisha ni kuona kwamba mifano mitatu inabeba hoja moja, kisha ukabaki na hoja na mfano mmoja ulio bora.

Funga makala, ndipo uandike

Hatua hii watu huiruka, na ndiyo iliyo na faida kubwa. Funika makala. Chukua karatasi ya A4, upande mmoja, na uandike kutoka kichwani. Ukiandika makala ikiwa wazi mbele yako, mkono utanakili na kichwa kitalala. Ukimaliza, ifungue urekebishe ulipokosea kwa kalamu ya rangi nyingine. Hiyo rangi ndiyo itakuonyesha ulikuwa hujaelewa wapi.

Nimekuandikia wa Hardin uone mpangilio:

*Hardin, 1968, Science, uk. 1243–1248.*

*Swali: Kwa nini ongezeko la watu haliwezi kutatuliwa kwa teknolojia?*

*Dai: Uhuru wa kuzaa lazima uwekewe mipaka, kwa sababu katika mali ya pamoja kila mtu akifuata faida yake, wote huangamia.*

*Hatua:*

*1. Kuna matatizo ambayo sayansi pekee haiwezi kuyamaliza. Idadi ya watu ni mojawapo (1243).*

*2. Mfano wa malisho: anayeongeza mnyama hupata faida yote, hasara inagawanywa kwa wote. Kwa hiyo kila mtu anaongeza (1244).*

*3. Uchafuzi ni hesabu hiyo hiyo kinyume: anayetupa taka huokoa gharama, madhara yanaenda kwa wote.*

*4. Kuomba dhamiri hakusaidii: wanaosikia watazaa wachache, wasiosikia watazaa wengi.*

*5. Suluhisho: shuruti ambayo watu wenyewe wamekubaliana, kama vile kodi (1247).*

*MIMI: Wafugaji 10. Ng’ombe mmoja zaidi ampa mwenyewe 8,000, aharibu malisho ya 10,000. Hasara yake ni 1,000 tu. Abaki na 7,000. Kijiji chapoteza 2,000.*

*Pingamizi: Ostrom, 1990. Anachoeleza Hardin ni malisho yasiyo na kanuni. Vijiji vingi vina kanuni.*

Ona vitu viwili hapo. Kwanza, namba za kurasa. Miezi mitatu baadaye ukiandika insha utahitaji kutaja ulikotoa hoja, na hutakuwa na muda wa kupekua upya. Pili, neno MIMI. Hesabu ya wafugaji 10 ni yangu, Hardin hakuiandika. Usipotenganisha yako na yake, siku moja utamwekea Hardin maneno ambayo hakusema. Kinyume chake ni hatari zaidi: ukinakili sentensi yake bila alama za kunukuu, baadaye utadhani ni yako uiweke kwenye insha. Mhadhiri ataita huo wizi wa maandishi, na hatakuuliza kama ulikusudia.

Mstari wa pingamizi ndio unaoleta alama

Muhtasari usio na pingamizi unarudia tu aliyosema mwandishi. Kwa Hardin una bahati, maana mpinzani wake anajulikana. Elinor Ostrom alitoa kitabu mwaka wa 1990 akionyesha jamii ambazo zimetunza mali ya pamoja kwa vizazi. Mfano mmoja ni Törbel, kijiji cha milimani Uswisi. Kanuni ya huko ya mwaka wa 1517 ilisema hakuna mtu atakayepeleka malishoni ng’ombe wengi kuliko anaoweza kuwalisha wakati wa baridi. Mwaka wa 2009 Ostrom alikuwa mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya Uchumi. Hardin mwenyewe mwaka wa 1994 aliandika tena, mara hii akitaja mali ya pamoja isiyosimamiwa.

Sasa binamu, wewe uko Kenya, na Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 iko kwenye kozi yako. Mtu akisema ardhi ya jamii lazima iharibike, huyo anazungumza lugha ya Hardin. Mwulize kama hiyo ardhi ina kanuni au haina. Hilo ndilo swali la mstari wako wa mwisho.

Jua umefaulu vipi

Mpe karatasi yako mtu ambaye hajasoma makala, hata kama anasomea uhandisi. Asome dakika mbili, kisha akuambie mwandishi anadai nini na kwa nini. Akisema “inahusu mifugo”, rudi kwenye mstari wa dai. Kipimo cha pili ni chako: baada ya wiki mbili, funika hatua zote, soma swali na dai pekee, kisha ujaribu kuzitaja hatua kwa mpangilio. Hatua unayoisahau kila mara, huenda hukuelewa inaungana vipi na iliyotangulia.

Kwa sura ya kurasa 40, ukurasa unabaki mmoja ule ule. Kinachobadilika ni kwamba badala ya aya unaandika pambizoni kazi ya kila sehemu yenye kichwa kidogo. Tenga saa mbili na nusu hivi mwanzoni. Ukizoea utapunguza.

Lakini si kila kitu kinafinywa hivi. Hukumu ya mahakama ina mpangilio wake: ukweli wa kesi, swali la kisheria, uamuzi, na sababu za uamuzi. Kifungu cha sheria nakili neno kwa neno, kwa kuwa “atafanya” na “anaweza kufanya” ni vitu viwili tofauti. Uthibitisho wa hisabati ukirukwa hatua moja umekufa. Na shairi ukilifupisha, unabaki na mada, shairi lenyewe limeenda.

Mwisho, usianze na zile faili tatu zote. Chukua ile ambayo mhadhiri ameitaja kwenye swali la semina, uifanyie ukurasa leo. Hizo mbili zingine zisome kingo tu, uandike sentensi ya “kwa sababu” kwa kila moja. Alhamisi utaingia darasani na karatasi moja iliyojaa na sentensi mbili, nazo zinatosha kuinua mkono.