Kweli au uongo: kadi moja ya sendofu, safari tatu

Kazi yenyewe ilikuwa ya kawaida. Bi harusi mtarajiwa alipigwa picha kwa simu bustanini, nyuma yake ukuta wa majani mabichi. Nilitakiwa nimkate pale, nimweke juu ya mandharinyuma ya rangi ya damu ya mzee yenye maua ya bluu kali, sare ya kamati, kisha niongeze kivuli laini na maandishi. Kadi hiyo ingesambazwa kwenye kundi la WhatsApp, ingewekwa kwenye tovuti ya mpiga picha, na nakala nyingine zingechapwa kwa ofseti kwenye karatasi ya kung'aa ukubwa wa A5.

Niliikosea mara tatu kabla ya kuipatia, na kila kosa lilitokana na maneno niliyoyasikia vijiweni mwa mafundi nikayachukua yalivyo. Haya hapa, pamoja na hukumu yangu.

"PNG haipotezi ubora, kwa hiyo peleka PNG kila mahali." Si kweli.

Nusu ya kwanza ni sahihi: PNG hubana bila kutupa kitu. Lakini hubana vizuri pale tu pikseli zinapofanana na jirani zake, kama kwenye nembo au maandishi. Ngozi, lesi na majani havina mfanano huo. Kadi yangu, pamoja na milimita 3 za kukatia kila upande, ilikuwa pikseli 1819 kwa 2551. Kwa PNG ilifika megabaiti 7 hivi. Kwa JPEG ya ubora wa 85 ilizidi moja kidogo tu, na hakuna aliyeweza kuzitofautisha kwenye simu.

Wengi wetu tunashikilia PNG kwa sababu ya uwazi. Sasa iangalie kadi iliyokwisha: mandharinyuma yamejaa kona hadi kona, hakuna tundu hata moja. Uwazi ulihitajika wakati wa kujenga, na kwenye faili ya kazi yenye leya zake bado upo. Kadi kamili haiuhitaji. Unaohitajika kubaki ni ule wa vipande vinavyokwenda peke yake, mfano bi harusi aliyekatwa ili akae juu ya rangi yoyote ya ukurasa wa tovuti. Hapo WebP inaishinda PNG, maana inaweza kubana kwa kupoteza kidogo, kama JPEG, na bado ikabeba uwazi.

JPEG nayo ina kasoro yake. Ili kupunguza uzito, mara nyingi huhifadhi rangi kwa undani mdogo kuliko inavyohifadhi mwanga na giza. Usoni huoni kitu. Kwenye maandishi mekundu juu ya bluu utaona kingo zimechafuka, kama wino uliolowa. Kadi ikiwa na maandishi ya namna hiyo, pandisha ubora hadi 92 au zaidi, au yafanye maandishi yawe meupe.

"Uwazi wa PNG unafika WhatsApp ulivyo." Inategemea umepita mlango gani.

Ukiituma kama picha, programu huibana upya na kuishusha ukubwa, na inayofika upande wa pili ni JPEG. JPEG haina chaneli ya alfa, yaani ile chaneli inayosema kila pikseli ionekane kwa kiasi gani. Pale palipokuwa wazi pakajazwa rangi ambayo hukuichagua wewe. Ukiituma kama hati, faili hufika kama ilivyoondoka. Stika ni mlango wa tatu: zile ni WebP za pikseli 512 kwa 512, na uwazi wake unabaki.

Lipo jambo baya zaidi, na watu wachache wanalijua. Pikseli iliyo wazi kabisa bado inaweza kuwa na rangi ndani yake. Alfa imeificha, haijaifuta. GIMP ina kisanduku cha kuhifadhi PNG kinachoitwa `Save color values from transparent pixels`. Kikiwekewa alama, majani ya bustani yote yanasafiri ndani ya faili, yamefichwa tu. Programu itakayoitupa alfa badala ya kuchanganya picha na rangi ya chini itayarudisha majani yale, pamoja na shangazi uliyemkata pembeni. Kama kuna mtu ambaye hakupaswa kuonekana, ondoa alama hiyo.

Kwa kadi ya kundi, usimwachie mtu mwingine achague rangi ya kujazia. Bapaza mwenyewe. Mwenye ImageMagick anamaliza kwa mstari mmoja:

```
magick bibi.png -background "#5A0F1E" -flatten -quality 90 bibi.jpg
```

"Nywele zikiwa na mzingo, kosa ni la fomati." Si kweli, isipokuwa kwa GIF.

GIF inajua wazi au si wazi, hakuna katikati, ndiyo maana kingo zake zina meno kama msumeno. PNG na WebP zina ngazi 256 za uwazi na zinaweza kushika unywele mmoja mmoja. Mzingo wa kijani niliouona kwenye kadi yangu ulitoka bustanini. Pikseli ya ukingo wa unywele ilipigwa ikiwa nusu nywele, nusu jani. Mimi niliipa uwazi wa nusu, lakini rangi yake ilibaki ule mchanganyiko. Juu ya mandharinyuma meupe haikuonekana. Juu ya damu ya mzee ikawaka.

Kwa hiyo dawa ni kubadili rangi ya ukingo. Kubadili fomati hakusaidii. Photoshop ina `Decontaminate Colors` ndani ya `Select and Mask`. Nisipoitumia, natengeneza leya mpya iliyobanwa juu ya nywele na kupaka ukingo kwa rangi ya nywele zenyewe. Ili kujua kama nimemaliza, naweka chini yake leya nyeusi tupu, halafu nyeupe, halafu nyekundu. Ukingo ukipita rangi zote tatu, umepona.

"Profaili ya rangi ni lebo tu." Kweli, na ubaya unaanzia hapo hapo.

Namba za pikseli hazina rangi mpaka mtu aseme zinasomwaje. Simu nyingi za kisasa, iPhone zikiwemo, hupiga picha kwa Display P3, iliyo pana kuliko sRGB ya tovuti. Mandharinyuma yangu yalikuwa sRGB. Nilipombandika bi harusi, programu iliniuliza kuhusu kutofautiana kwa profaili, nami kwa haraka nikajibu izitupe. Namba za P3 zikasomwa kama sRGB, na ngozi ikafifia. Mama mwenye shughuli akaitazama na kuniambia, "Mwanangu, mbona umemfanya kama ametoka kuumwa malaria?"

Kuna vitendo viwili hapa vinavyochanganywa kila siku. `Assign Profile` hubadili lebo na kuacha namba, hivyo rangi unazoziona hubadilika. `Convert to Profile` hubadili namba ili rangi zibaki. Niliirudia picha ya simu, nikaiacha na P3 yake, nikaigeuza kwenda sRGB kwa amri ya pili, ndipo nikaibandika. Afya ikarudi. `Assign` ina kazi yake pale faili inapokuja bila lebo na wewe unajua ilikotoka.

Kwa tovuti na kwa simu, geuza kwenda sRGB na upachike profaili. Hata lebo ikipotea njiani, vifaa vingi huchukulia kwamba namba zisizo na lebo ni sRGB, kwa hiyo hutapoteza mengi.

"Kazi ya kuchapwa ianzishwe kwa CMYK." Si kweli kwa kadi kama hii.

CMYK si rangi moja, ni maelekezo ya wino kwa mashine na karatasi fulani. `ISO Coated v2 (ECI)` ni kwa karatasi ya kung'aa na inaruhusu jumla ya wino asilimia 330. Ipo dada yake ya asilimia 300. Ukigeuza kazi mapema kwa profaili ya kubahatisha, umeshazibana rangi kwa ajili ya karatasi usiyoijua, na nakala ya WhatsApp itatoka humo humo ikiwa imefifia. Weka kazi kwenye RGB, leya zake zikiwepo, na ugeuze nakala mwishoni.

Lakini usisubiri mwisho kuangalia. Maua yangu ya bluu yalikuwa 0, 0, 255, bluu ambayo wino wa kawaida hauwezi kuifikia. Kwenye karatasi ikawa zambarau. Laiti ningeiweka profaili ya mchapaji kwenye `Proof Setup` ya Photoshop na kubonyeza Ctrl+Y, ningeiona zambarau ile siku ya kwanza, na kamati ingechagua bluu nyingine kabla ya kununua vitambaa.

Maandishi madogo meusi, kwa upande wake, yaache yawe wino mweusi peke yake. Nyeusi ya RGB ikigeuzwa huwa mchanganyiko wa wino nne, na sahani za mashine zikipishana hata kidogo herufi zinaota kivuli cha rangi. PNG haiwezi kukusaidia hapa, kwa sababu haina CMYK kabisa. Tumia PDF au TIFF.

"Mistari myeupe kwenye PDF itachapwa." Mara nyingi si kweli.

PDF/X-1a hairuhusu uwazi, hivyo kivuli laini cha bi harusi hukatwakatwa kuwa vipande visivyo wazi vilivyopangwa bega kwa bega. Kioo cha kompyuta kinapolainisha kingo za vipande hivyo, mistari myeupe kama uzi hujitokeza. Kuza picha: mstari ukibaki na unene ule ule kila unapokuza, ni wa kioo tu. Ukinenepa pamoja na picha, upo kweli. PDF/X-4 huuacha uwazi ulivyo na mtambo wa mchapaji huushughulikia mwenyewe, na mimi naipendelea kila mchapaji anapoikubali.

Kabla ya kufunga faili, mpigie mchapaji umuulize mambo mawili: profaili gani, na X-1a au X-4. Akikujibu "wewe lete tu JPEG", mpelekee ya sRGB yenye profaili ndani, na usilipe salio mpaka uone kadi moja ya majaribio iliyochapwa kwenye karatasi ile ile.